Somo: Kuhakiki a^n b^n c^n bila kuongeza utepe

Swali la leo ni dogo. Nakupa mfuatano wa herufi, nawe unijibu kama una a kadhaa, kisha b idadi ileile, kisha c idadi ileile. abc ndiyo, aabbcc ndiyo, aabbc hapana, abcabc pia hapana kwa sababu mpangilio umevurugika. Kwa mkato tunaandika a^n b^n c^n, n ikianzia 1.

Waliofuata somo la mashine ya rundo wanakumbuka ilivyotufaa kwa a^n b^n: kila a unaweka kijiwe juu ya rundo, kila b unaondoa kimoja. Hapa inakwama. Zikiisha b, rundo limebaki tupu, na c zinapofika hakuna tena anayekumbuka n ilikuwa ngapi. Si suala la kukosa ujanja, maana imethibitishwa kwamba hakuna mashine ya rundo moja inayoiweza lugha hii. Haimo katika lugha zisizotegemea muktadha, yaani zile ambazo mashine ya rundo inaziweza.

Tunapanda ngazi moja, hadi kwenye mashine yenye utepe wenye mpaka. Ni mashine ya Turing, ile inayosoma na kuandika kwenye utepe kwa kufuata jedwali, iliyonyang'anywa kitu kimoja: utepe usio na mwisho. Inapewa vyumba vilivyojaa herufi zako tu, na alama `<` na `>` pembeni. Kichwa kinaweza kusoma, kufuta, kuandika juu ya herufi, kwenda kushoto na kulia, ila hakivuki alama hizo. Mwanahisabati John Myhill aliieleza mwaka 1960.

Hatua ya 1: wazo. Kwa kuwa hatuna mahali pa kuandika hesabu, tutahesabu kwa kuchafua herufi zenyewe. Kila mzunguko tunafuta a moja (inakuwa X), b moja (Y) na c moja (Z), kisha tunarudi. Zikiisha zote kwa pamoja, idadi zilikuwa sawa.

Hatua ya 2: jedwali. Hali, yaani kile ambacho mashine inakumbuka kwa sasa, ni tano: q0 hadi q4. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: ukiwa q0 ukakuta a, andika X, sogea kulia, ingia q1. Palipo na neno "vilevile", alama haibadilishwi na hali haibadiliki.

```
q0:  a -> X, kulia, q1
     Y -> Y, kulia, q4
q1:  a, Y -> vilevile, kulia
     b -> Y, kulia, q2
q2:  b, Z -> vilevile, kulia
     c -> Z, kushoto, q3
q3:  a, b, Y, Z -> vilevile, kushoto
     X -> X, kulia, q0
q4:  Y, Z -> vilevile, kulia
     > -> KUBALI
```

Kisichoandikwa humo maana yake ni kukataa. Kichwa kinaanza q0 juu ya herufi ya kwanza.

Hatua ya 3: tuiendeshe kwa aabbcc. Chukua penseli, usisome tu.

```
< a a b b c c >   mwanzo
< X a Y b Z c >   mzunguko wa 1 umeisha
< X X Y Y Z Z >   mzunguko wa 2 umeisha
```

Mzunguko wa kwanza: a ya kwanza inakuwa X, kichwa kinairuka a ya pili, kinakuta b na kuifanya Y, kinairuka b ya pili, kinakuta c na kuifanya Z. Hapo kinageuka na kurudi kushoto hadi kiione X, kisha kinasogea chumba kimoja kulia. Hatua 9. Mzunguko wa pili ni 9 nyingine. Sasa q0 inakuta Y badala ya a, yaani a zimekwisha, na q4 inakagua kwamba hadi `>` hakuna herufi iliyosalia. Hatua 5 za mwisho, jumla 23. Kwa n yoyote ni 4n^2 + 3n + 1, na utepe haukuongezeka hata chumba kimoja.

Hatua ya 4: panapoharibika. Wengi wanaona q4 ni ya urembo wakaiacha. Bila hiyo, aabbccc inakubaliwa: a zimekwisha, mashine inashangilia, kumbe c moja imebaki mkiani.

Kosa la pili nimewahi kulifanya mwenyewe, na linauma kwa sababu majaribio ya kawaida hayalioni. Niliiruhusu q1 iruke Z pia, nikidhani haina madhara. Jaribu aabcbc. Mzunguko wa kwanza unaacha X a Y Z b c. Wa pili unaruka Y, unaruka na Z, unafuta b ya nyuma na c ya nyuma, unabaki na X X Y Z Y Z, na q4 inapitisha. Kwenye jedwali la juu, q1 ikikuta Z inakataa papo hapo. Ndiyo inayolinda mpangilio, kwa hiyo ukipima mashine yako usiishie kwenye idadi zisizolingana. Ipe pia herufi zilizolingana ila zimechanganyika.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nataka idadi ziwe sawa lakini mpangilio wowote, mfano cabbac. Inawezekana?*

Inawezekana, na utepe ni uleule. Badala ya kutafuta b mbele ya a, kila unapofuta herufi moja rudi hadi `<` ndipo utafute inayofuata popote ilipo. Zote tatu unaweza kuzifuta kwa X. Kukagua ni palepale: ukitafuta a ukaikosa, utepe mzima uwe X tupu.

*Tutajuaje kwamba mashine ya namna hii haizunguki milele?*

Hii yetu kila mzunguko unapunguza a moja, basi lazima iishe. Kwa mashine yoyote yenye mpaka, hesabu picha zote zinazowezekana: hali, mahali pa kichwa, na yaliyomo kwenye utepe. Kwa aabbcc tuna hali 5, mahali 8 pamoja na pembeni, na alama 6 katika vyumba 6, yaani 5 × 8 × 46,656 = 1,866,240. Ikipita hatua hizo bila jibu, picha fulani imejirudia. Kama kila hatua ina njia moja tu, itajirudia daima. Unaikatisha na kukataa. Kwenye utepe usio na mwisho huna kikomo cha namna hiyo.

*Sarufi yake ikoje? Na "muktadha" unaingilia wapi?*

```
S -> aSBC | aBC
CB -> BC
aB -> ab
bB -> bb
bC -> bc
cC -> cc
```

Unaanza na S, na kila mara unabadilisha kilicho kushoto mwa mshale kuwa kilicho kulia kwake, hadi zibaki herufi ndogo tu. Kwa aabbcc: S, aSBC, aaBCBC, aaBBCC, aabBCC, aabbCC, aabbcC, aabbcc. Sarufi ya aina hii inategemea muktadha, na muktadha ni yule jirani wa kushoto: B inakuwa b ikiwa tu imetanguliwa na a au b. Ukiharakisha bC kabla ya kupanga, unapata aabcBC na hapo umekwama, maana cB haina kanuni. Angalia pia kwamba hakuna kanuni inayofupisha. Ndiyo maana ukirudi nyuma kutoka kwenye mfuatano hadi S, huhitaji kamwe nafasi kubwa kuliko mfuatano wenyewe.

*Ndugu, CB -> BC inabadilisha alama mbili kwa mpigo. Si kinyume cha kanuni?*

Umeona vizuri. Kwa maana kali, kila kanuni ibadilishe alama moja tu. Igawe mara nne kwa alama mpya H na K: CB -> CK, CK -> HK, HK -> HC, HC -> BC. Lugha inabaki ileile.

*Kwa hiyo kila sarufi ya aina hii ina mashine kama yetu?*

Mwanaisimu Kuroda alithibitisha mwaka 1964 kwamba ina mashine yenye mpaka, lakini ile inayoruhusiwa kuchagua kati ya njia kadhaa. Yetu haichagui: kila hali na alama ina hatua moja. Kama zisizochagua zinatosha kwa lugha zote zinazotegemea muktadha, hakuna aliyejibu hadi leo.