Somo: "Hakuna mteja mwingine atakayeuziwa bei ya chini" – jinsi ya kukisoma, kukiandika na kukikagua kipengele hiki

Wakuu, habari za humu. Tangu loji na hoteli za Arusha zianze kuwapa wasambazaji wadogo mikataba yao mirefu, kuna kipengele kinachosainiwa bila kusomwa: muuzaji anaahidi kwamba mnunuzi huyu hatauziwa bei kubwa kuliko mteja mwingine yeyote. Hicho ndicho kipengele cha mteja anayependelewa zaidi. Mara nyingi nyuma yake hufuata kulinganisha bei na haki ya ukaguzi. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: mkaanga kahawa wa Moshi anayeiuzia kampuni ya loji kilo 300 kwa mwezi, kilo shilingi 28,000 bila VAT, mzigo ukifikishwa stoo ya Njiro na malipo yakifanyika ndani ya siku 45.

Hatua ya 1: Amua ni nani analinganishwa na nani

Kipengele kikisema "mteja yeyote", umeshajifunga. Anayechukua tani mbili kwa mwezi atakuwa na bei yake, na ni haki yake. Andika hivi:

"Bei haitazidi bei halisi anayotozwa mteja mwingine wa Tanzania anayenunua bidhaa ya daraja hilohilo kwa kiasi kinacholingana au pungufu, baada ya kurekebisha tofauti za usafirishaji na muda wa malipo."

Maneno "kinacholingana au pungufu" ndiyo yanayobeba uzito. Mnunuzi anachotaka kujua ni kama kuna mtu anayechukua kidogo kuliko yeye na bado anapata bei nafuu. Kisha taja vinavyotolewa nje: sampuli, mzigo unaokaribia kuisha muda, na mauzo kwa wafanyakazi wako. Orodha iwe fupi. Ikirefuka, mnunuzi ataona mlango wa kutorokea.

Hatua ya 2: Eleza "bei halisi"

Hapa ndipo wengi wanaumia, kwa hiyo tuende taratibu.

Mgahawa wa Moshi mjini unachukua kilo 40 kwa mwezi kwa shilingi 26,500. Unalipa taslimu na kuja kuchukua mzigo wenyewe. Mtu wa loji akiona ankara hiyo atapiga kelele kwamba ameibiwa 1,500 kwa kilo. Turekebishe kwanza. Tuseme kusafirisha hadi Arusha ni 600 kwa kilo. Kumsubiri mtu siku 45, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, nako ni kama 600. Bei ya mgahawa inakuwa 27,700, na tofauti ya kweli ni 300 tu. Bado ni ukiukaji, ila ni wa 300.

Sasa mteja wa pili, kampuni ya utalii ya Arusha. Ankara yake inasema 28,000, mzigo unapelekwa, malipo siku 45: kila kitu sawa na loji. Lakini akinunua kilo 10 anaongezewa moja bure. Amelipa 280,000 kwa kilo 11, yaani kama 25,455 kwa kilo. Tofauti ni 2,545. Ankara ni safi kabisa, na ukiukaji ni mara nane ya ule wa mgahawa.

Kwa hiyo bei halisi ni ile inayobaki baada ya kuondoa punguzo, bonasi ya mwisho wa mwaka, kredit noti na bidhaa za bure. Iandikwe bila VAT pande zote mbili, maana risiti ya EFD inaonyesha jumla yenye kodi na ni rahisi kulinganisha visivyolingana.

Hatua ya 3: Kulinganisha bei ya mshindani

Hiki ni kitu kingine, msikichanganye. Hapa mnunuzi analeta ofa ya mtu mwingine, na wewe unachagua: uifikie au umwache anunue huko. Iwe ya maandishi, ya bidhaa ya sifa zilezile, kwa kiasi ambacho mshindani anaweza kukitoa kweli. Jipe siku 10 za kazi za kujibu. Usipoifikia, kiasi anachonunua kwingine kipunguzwe kwenye kiwango chake cha chini cha mkataba, na mkataba uendelee kwa kilichobaki.

Hatua ya 4: Haki ya ukaguzi

Bila ukaguzi, ahadi ya bei ni maneno matupu. Ila ukimfungulia mnunuzi vitabu vyako, atajua bei za wateja wako wote. Suluhisho ni mkaguzi huru aliyesaini makubaliano ya usiri, anayempa mnunuzi mambo mawili tu: kuna ukiukaji au hakuna, na ni shilingi ngapi. Majina ya wateja yabaki kwake. Mara moja kwa mwaka, taarifa ya siku 14, na asirudi nyuma zaidi ya miezi 12.

Mkaguzi anayejua kazi haridhiki na ankara. Anachukua hati za kupokelea mzigo na kuziweka kando ya ankara. Kwa ile kampuni ya utalii, hati ina saini ya kilo 11 na ankara ina kilo 10. Hapo hapo umeonekana. Kama hati zimepotea, ataangalia leja ya stoo. Kahawa mbichi hupoteza kama asilimia 12 hadi 20 ya uzito ikikaangwa, na rekodi zako zinaonyesha kiwango chako cha kawaida. Kilo zilizotoka zikizidi sana zilizouzwa, atauliza zimekwenda wapi.

Hatua ya 5: Fidia

Tuseme kilo ya bure ilitolewa kwa miezi 6. Loji inarudishiwa 2,545 mara kilo 300 mara 6, takribani shilingi milioni 4.58. Ile 300 ya mgahawa haijumlishwi juu yake. Inahesabiwa tofauti kubwa peke yake. Andika hilo, maana nimeona madai yaliyojumlisha kila mteja. Gharama ya mkaguzi kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, ila ziada aliyotozwa ikivuka asilimia 5 ya bei ya mkataba inahamia kwa muuzaji. Hapa ni asilimia 9, kwa hiyo mkaanga kahawa analipa.

MASWALI

Mwanachama, Himo: Mkuu, mnunuzi wangu ameandika faini ya mara tatu ya tofauti. Nisaini?
Jibu: Jadiliana kwanza. Sheria yetu ya Mikataba inampa aliyeumizwa fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kiwango kilichotajwa, kwa hiyo mara tatu haiji yenyewe. Lakini kubishana mahakamani kuna gharama. Pendekeza tofauti pamoja na riba.

Mwanachama, Usa River: Nina wateja wawili wenye kipengele hikihiki. Nikimlinganishia mmoja bei ya mshindani, yule mwingine si atadai?
Jibu: Atadai, na ana haki. Akishushiwa naye, bei imeshuka kwa wote wawili kwa sababu ya ofa moja. Ndiyo maana kwenye yale yanayotolewa nje ongeza: bei iliyotolewa kujibu ofa ya mshindani, kwa muda usiozidi siku 90.

Mwanachama, mnunuzi wa hoteli, Arusha: Dada, sisi upande wa pili tunaumia pia. Muuzaji alifungua kampuni ya pili kwa jina la mkewe, akawa anauza huko kwa bei ya chini.
Jibu: Pole kaka. Neno "muuzaji" lijumuishe kampuni anazozimiliki au kuzisimamia, moja kwa moja au kupitia ndugu. Na mkaguzi apewe haki ya kuona mauzo ya muuzaji kwa kampuni hizo, maana mzigo lazima utoke kwenye stoo moja.

Mwanachama, Moshi: Mnunuzi kanitumia picha ya ofa ya mshindani kwenye WhatsApp, bei na jina vyote vinaonekana. Niitumie?
Jibu: Mwombe akutumie iliyofutwa jina, na ile kamili aipeleke kwa mkaguzi huru aithibitishe. Bei za washindani zikizunguka kati yenu kupitia mteja, Tume ya Ushindani inaweza kuuliza mmekubaliana nini. Wewe unahitaji tarakimu, sifa za kahawa, kiasi na masharti ya malipo. Ofa isiyotaja daraja la kahawa usiijibu kabisa.