Ruta: usidanganywe na 1200

Boksi likiandikwa AC1200, hiyo ni kasi ya Mbps 300 ya bendi ya 2.4 GHz ikijumlishwa na 867 ya 5 GHz, kisha ikakuzwa kidogo. Simu yako hutumia bendi moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo 1200 hutaiona kamwe.

Geuza boksi usome kasi ya tundu la WAN, lile linaloingiza intaneti kwenye ruta. Likiwa 10/100, hata ukilipia Mbps 200 utaishia 95 hivi. Tafuta 10/100/1000.

Na kwa nyumba za mawe za Lamu, zile kuta nene za matumbawe huimeza 5 GHz upesi. Afadhali ruta mbili za bei nafuu zilizounganishwa kwa waya, moja kila ghorofa, kuliko moja ghali yenye antena kama pweza.