Kuweka kidhibiti cha presha kinachoshika usukani kabla kompresa haijavuka kikomo

Chukua kompresa ya sentrifugali inayoendeshwa kwa kubadilisha kasi. Kidhibiti cha mtiririko, FIC, hufuata mtiririko unaohitajika. Kidhibiti cha presha, PIC, hulinda presha ya upande wa kutolea gesi. Kasi ni moja tu, kwa hiyo mmoja ndiye anayeamua, na anayeamua ni yule anayeomba kasi ndogo zaidi.

Hatua ya 1: Panga viwango. Tuseme mtambo hujizima presha ikifika 10.2 bar. Weka lengo la PIC kwenye 9.5 bar, ili kidhibiti kipate nafasi ya kufanya kazi. Kuzima kwa dharura kubaki na kihisi chake, na vali ya usalama ibaki palepale. PIC haichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo.

Hatua ya 2: Unganisha. Vidhibiti vyote viwili vipunguze kasi kipimo kinapopanda juu ya lengo.

```
OUT = MIN(FIC.OUT, PIC.OUT)
FIC.FB = OUT
PIC.FB = OUT
```

Mistari miwili ya mwisho, inayorudishia kila kidhibiti kasi iliyochaguliwa, ndiyo watu wengi huisahau, na hapo ndipo mfumo mzima huharibikia. PIC asiyechaguliwa huona presha ikiwa chini ya lengo saa zote, na sehemu yake ya kulimbikiza huendelea kujaa hadi 100%. Presha ikipanda ghafla, PIC hufika 9.5 bar akiwa bado anaomba kasi kamili, na mtambo unaweza kujizima kabla hajateremka.

Hatua ya 3: Tumia FB badala ya ulimbikizaji huru. Hapa e ni lengo kutoa presha, kwa asilimia ya kipimo, na LAG hufuata FB taratibu kwa muda wa Ti.

```
PIC.OUT = K*e + LAG(PIC.FB, Ti)
```

Kihisi kipime 0 hadi 12 bar, K iwe 2, kasi iwe 70%, na presha itulie kwenye 8.5 bar. Pengo la 1 bar ni 8.3% ya kipimo, hivyo PIC hukaa karibu 87%, juu kidogo tu ya FIC. Vali ya mbele ikianza kufungwa, mtiririko hushuka na FIC huomba kasi zaidi, huku PIC akiteremka kumkuta. FIC akiomba nyongeza ya 4% juu ya 70%, PIC humpokonya usukani pengo likibaki 2%, yaani karibu 9.26 bar, kabla ya lengo lenyewe. Hiyo si hitilafu, ndiyo faida tunayoitaka.

Hatua ya 4: Jaribu mtambo ukiwa umetulia. Shusha lengo la PIC kwa 0.1 bar kila mara, ukisubiri presha itulie. Karibu na 8.5 bar PIC atachaguliwa, na kasi ishuke taratibu bila kuruka. Kisha rudisha lengo juu. Mtiririko ukipita lengo lake kwa mbali, kagua FB ya FIC: alikuwa amejaa alipokaa nje. Wakipokezana kila sekunde, tazama kwanza kelele za kihisi cha presha. Chuja kidogo, halafu ndipo upunguze K.

Wakati wa jaribio usiiondoe vali inayorudisha gesi kwenye mlango wa kuingilia. Kasi ikishuka huku njia ya mbele imebanwa, kompresa husogea kuelekea pale gesi inapoanza kurudi nyuma kwa mishindo, na PIC hana namna ya kuliona hilo.