Kampuni imekata kamisheni yako baada ya kuacha kazi? Hivi ndivyo unavyoidai kupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, Mtwara

Huku kwetu Mtwara na Lindi, kamisheni kubwa ya mwaka huingia kati ya Oktoba na Desemba, wakati minada ya korosho inaendelea na wakulima wana hela. Pikipiki, bati, umeme wa jua, simu za mkopo, vyote huuzwa kipindi hicho. Ikifika Januari na Februari mambo hugeuka: mteja anashindwa marejesho, mzigo unarudishwa, na ofisi inaanza kumgeukia aliyeuza. Kama bado uko kazini wanakukata kidogokidogo. Kama umeshaandika barua ya kuacha, wanakata kwenye malipo ya mwisho, kwa mkupuo.

Nimetoka kulipitia jambo hili mwenyewe na ninaandika kwa ajili ya wauzaji wenzangu, maana wengi huambiwa "ndiyo utaratibu wa kampuni" na kuondoka mikono mitupu. Sheria inasema vingine.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Kifungu hicho kinamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira aliokwisha kulipwa, isipokuwa pale alipolipwa zaidi kwa sababu ya makosa ya hesabu ya ujira wenyewe. Na ujira kwa tafsiri ya sheria hiyo ni malipo yote yanayotokana na ajira, si mshahara wa msingi peke yake, kwa hiyo kamisheni na bonasi zimo. Mhasibu akimhesabu mteja mmoja mara mbili, hiyo ni makosa ya hesabu na unarudisha. Mteja wa Tandahimba akirudisha paneli kwa sababu malipo ya korosho yamechelewa, hapo hakuna kosa la hesabu. Uliuza, vigezo vya siku ile vilitimia, ukalipwa.

Makato nayo yana masharti yake. Nje ya yale yanayotajwa na sheria, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au amri ya mahakama, mwajiri anahitaji ridhaa yako ya maandishi kuhusu deni. Kama anasema anafidia hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wako wa fedha.

Nikupe hesabu yangu uione. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 350,000 kwa mwezi, na kila mfumo wa sola niliouza ulikuwa na kamisheni ya 45,000 mteja akishalipa kianzio na mafundi wakafunga. Novemba niliuza mifumo 14, kamisheni 630,000. Mwishoni mwa Desemba nikatoa taarifa ya siku 28 ya kuacha kazi. Januari wateja sita wa Novemba wakarudisha mifumo: baadhi walikwama marejesho, wengine betri haikai na chaji na fundi hakwenda. Mwisho wa Januari nilistahili 350,000 pamoja na kamisheni ya mifumo mitatu, 135,000, jumla 485,000 kabla ya makato ya kisheria. Kwenye karatasi ya mshahara kulikuwa na mstari mmoja tu umeandikwa "Makato mengine 270,000". Hakuna jina la mteja wala sababu.

Sasa pima. Mistari ya namna hiyo haitoshi, kwa sababu karatasi ya malipo inatakiwa ionyeshe kila kato na kato hilo ni la nini. Halafu hata kama ningekuwa nimekubali kwa maandishi kwamba hasara ni ya kosa langu, robo ya 485,000 ni 121,250. Wao walikata zaidi ya nusu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni. Kamisheni ya 270,000 ya mifumo ile sita haikuingia yote mfukoni mwangu. Novemba ujira wangu wote ulikuwa 980,000. NSSF ikachukua asilimia 10, kodi ya PAYE ikafuata, nikabaki na 783,500. Bila zile kamisheni sita ningebaki na 595,200. Tofauti ni 188,300. Yaani katika zile 270,000, shilingi 27,000 zilikwenda NSSF kwa jina langu na 54,700 zilikwenda TRA. Kampuni ilitaka kwangu mpaka hela ambayo yenyewe iliipeleka TRA. Fanya hesabu hii mapema kwa karatasi yako ya mwezi husika, kwa sababu hata mkifika kwenye kuelewana, hutakiwi kuanzia kwenye kiasi ambacho hukukipokea.

Kabla ya kudai, soma mkataba wako na sera ya kamisheni kwa makini, hasa maneno yanayosema kamisheni inakuwa yako lini. Zipo kampuni zinazoandika kwamba kamisheni inastahili baada ya mteja kulipa miezi mitatu, na kinacholipwa mapema ni malipo ya awali tu. Hapo watabishana kwamba ile hela haikuwa ujira bado, ilikuwa deni, na ubishi wao una uzito zaidi. Bado watatakiwa kuonyesha ulikubali kwa maandishi kudaiwa hivyo. Kama sera ililetwa kwenye kundi la Wasapu mwezi Desemba baada ya mauzo ya Novemba, chukua picha ya ujumbe ule ukiwa na tarehe. Na kama wewe ndiye uliyesajili mteja hewa au kutumia kitambulisho cha mtu mwingine, usitegemee mwongozo huu.

Walioajiriwa kama "mawakala" bila mkataba wasikate tamaa haraka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vingine ikiwa dalili mojawapo ipo, kwa mfano kazi yake inasimamiwa na kuelekezwa na mwingine, anapewa vifaa, au amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ratiba za vijiji unavyopangiwa, fulana na simu ya kampuni vinafaa kama ushahidi.

Siku ya makabidhiano utapewa fomu yenye sentensi kama "nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote". Usisaini ikiwa hivyo. Sheria inamkataza mwajiri kukufanya ukiri kupokea kiasi kikubwa kuliko ulichopokea. Andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea shilingi fulani tu. Sikubaliani na makato ya 270,000." Piga picha kabla ya kuirudisha.

Kisha andika barua. Fupi, yenye tarehe, ipelekwe ofisini na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Yangu ilisema hivi: "Naomba mnipatie kwa maandishi ndani ya siku saba: (a) orodha ya wateja mnaosema wamerudisha bidhaa, tarehe na sababu ya kila mmoja, (b) kifungu cha mkataba mlichotumia, (c) nakala ya ridhaa yangu ya makato yenye saini yangu. Vinginevyo naomba nilipwe 270,000 zilizokatwa." Hiyo (c) ndiyo inayowabana, kwa sababu mara nyingi karatasi hiyo haipo.

Hapa ndipo nilipopotezewa muda mwingi, na nataka usikie vizuri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine yote, pamoja na huu wa makato, ni ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia ulipokatwa au ulipoambiwa kwamba hulipwi. Ofisi ya tawi itakwambia kwa upole "makao makuu wanalishughulikia, kaka vumilia wiki hii". Wiki inazaa wiki nyingine. Mazungumzo hayo hayasimamishi siku. Ukipitiliza itakubidi uombe kuongezewa muda kwa fomu namba 2 na kiapo, ukieleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na "niliahidiwa" ni sababu dhaifu. Kwa hiyo endelea kuongea nao, lakini fomu ijazwe.

Fomu inayofungua shauri ni CMA namba 1, inapatikana ofisi za Tume Mtwara na Lindi. Fungua pale ulipofanyia kazi. Makao makuu kuwa Dar es Salaam si sababu ya wewe kusafiri. Sehemu nyingi za fomu ni rahisi. Mbili ndizo za kuangalia. Ile sehemu B inahusu kuachishwa kazi peke yake; kama uliacha mwenyewe, iache wazi, usichanganye madai. Na kwenye matokeo unayoomba, andika kila kiasi: makato 270,000, na kama kuna likizo au kamisheni nyingine hujalipwa, ziandike kila moja na kiasi chake. Usichokiandika kwenye fomu ni vigumu sana kupewa mbele ya safari.

Kabla ya kuisajili, nakala lazima impate mwajiri, na Tume inataka uthibitisho. Kwangu mpokezi wa tawi alikataa kusaini kwa maelezo kwamba hana mamlaka. Usirudi kumbembeleza. Tuma nakala kwa rejesta ya posta kwenye anwani ya kampuni iliyo kwenye mkataba, tunza risiti, uiambatishe.

Baada ya hapo utaitwa kwenye usuluhishi, ambao sheria inaupa siku 30. Fika. Mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea msuluhishi anaweza kuliamua. Unaweza kwenda peke yako, na wakili, au na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Mimi nilikwenda na karatasi nne tu: mkataba, karatasi ya Novemba, ya Januari, na barua yenye mhuri. Mwakilishi wa kampuni alipoulizwa ridhaa yenye saini yangu iko wapi, hakuwa nayo, wala hakuwa na orodha ya wateja. Tulikubaliana walipe 270,000 zote.

Mkikubaliana, hakikisha hati inataja kiasi, tarehe ya kulipa na kama kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi, ndipo usaini. Msipokubaliana, unapewa cheti cha kushindwa kusuluhisha na shauri linakwenda kwa mwamuzi kwa fomu namba 8. Tuzo yake, kampuni isipolipa, inakaziwa kama hukumu ya mahakama.