Kabla hujaiachia funksheni inayojiita: pima kina, usihesabu miito

Funksheni inayojiita huandikwa kwa mistari mitano na hupita majaribio yote ya mezani. Kisha siku moja inapewa data halisi, programu inakata ghafla, na kwenye skrini yanabaki maneno mawili tu: `Segmentation fault`. Yafuatayo ni ya kukagua kabla ya siku hiyo. Nitatumia C kwenye Linux ya biti 64, kwa sababu humo mambo yanaonekana wazi, na mfano utakuwa mmoja: mti wa namba za usajili wa wanafunzi. Kila nodi ina namba, namba ndogo huenda kushoto na kubwa huenda kulia. Funksheni yetu inapima urefu wa mti.

```c
int urefu(struct nodi *n) {
    if (n == NULL) return 0;
    int k = urefu(n->kushoto);
    int l = urefu(n->kulia);
    return 1 + (k > l ? k : l);
}
```

La kwanza kujiuliza ni kina: kwa wakati mmoja, kutakuwa na miito mingapi iliyoanza na haijamalizika? Kila `urefu` inapoitwa, programu hutenga kipande cha kumbukumbu kwenye rundo la miito. Kipande hicho, fremu, kinahifadhi `n`, `k` na `l` za mwito huo, pamoja na anwani ya mahali pa kurudi kazi ikiisha. Mwito wa juu hauwezi kuiachia fremu yake wakati unasubiri jibu la mwito wa chini, kwa sababu bado una kazi ya kulinganisha `k` na `l` kisha kuongeza moja. Basi fremu zinarundikana. Jibu likirudi, fremu ya chini inaachiliwa, na mwito unaofuata unakalia nafasi ileile.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Chukua funksheni ile maarufu ya namba za Fibonachi, inayojiita mara mbili hadi ifike 1 au 0. Ukiiomba namba ya 40, itaitwa mara 331,160,281, lakini fremu zake zilizo hai kwa pamoja hazizidi 40. Itakuchosha kwa kusubiri, ila rundo halitajaa kamwe. Sasa chukua funksheni inayojumlisha orodha ya nodi 300,000 kwa kujiita mara moja tu kila nodi. Miito yake haifiki hata sehemu ya mia ya ile ya kwanza, lakini yote iko hai kwa pamoja, na hii ndiyo itakayoanguka. Wingi wa miito unakula muda. Kinachokula rundo ni kina.

Kwa mti wetu, kina kinategemea namba ziliingia kwa mpangilio gani. Namba 100,000 zikiingizwa bila mpangilio, urefu wa mti huwa ngazi 40 na kitu hivi, na `urefu` inatembea ndani yake bila shida yoyote. Lakini namba za usajili hutolewa kwa kufuatana, na faili linalotoka ofisini kwa kawaida limeshapangwa. Ukiziingiza hivyo, kila namba mpya ni kubwa kuliko zote zilizotangulia, kwa hiyo inakwenda kulia, kulia, kulia. Mti unageuka kuwa mnyororo, na kina kinakuwa 100,000. Data ni ileile na idadi ni ileile, kilichobadilika ni mpangilio tu. (Dalili ya mapema ipo: uingizaji wenyewe unaanza kuwa mzito ajabu, kwa kuwa kila namba mpya inalazimika kupita zote za kabla yake. Ukiona hivyo, usikimbilie kulaumu diski.)

Ukishajua kina, tafuta uzito wa fremu moja. Hakuna haja ya kukisia. Kompaila ya gcc itakuambia ukiiomba:

```
gcc -O0 -fstack-usage -c mti.c
```

Utapata faili lenye kiambishi `.su`, lenye mstari mmoja kwa kila funksheni na idadi ya baiti inazochukua. Kwa `urefu` kama ilivyo hapo juu, utaona 48 au namba ya karibu nayo. Baiti 8 ni anwani ya kurudi, 8 ni za kuhifadhi nafasi ya fremu iliyotangulia, na 32 ni za vigeu na nafasi tupu ya kuweka mpangilio sawa. Rudia kipimo kwa `-O2`, kwa sababu kompaila inapoboresha msimbo inaweza kuongeza au kupunguza uzito huo. Wapo wanaotegemea kwamba `-O2` itaugeuza mwito wa kujiita kuwa kitanzi cha kawaida. Hilo hutokea kweli pale mwito unapokuwa jambo la mwisho kabisa, na gcc huweza hata baadhi ya hesabu nyepesi za kujumlisha. Lakini hapa kuna matawi mawili na ulinganisho baada yake, kwa hiyo usihesabu msaada huo. Python na Java, kwa upande wao, haziufanyi ugeuzaji huo kabisa.

Kinachonenepesha fremu bila watu kutambua ni safu iliyotangazwa ndani ya funksheni. Ongeza mstari mmoja, `char njia[4096];`, pengine kwa ajili ya kuunda jina la faili, na kila ngazi sasa inabeba baiti 4,096 za ziada hata kama jina lenyewe lina herufi ishirini. Funksheni zinazotembea ndani ya folda na folda zake ndogo zina ugonjwa huu sana. Safu ya namna hiyo ipitishwe kutoka nje, iwe moja kwa safari nzima.

Sasa gawanya ukubwa wa rundo kwa uzito wa fremu. Kwenye Linux nyingi `ulimit -s` hujibu 8192, yaani kilobaiti 8,192, ambazo ni baiti 8,388,608. Ukigawa kwa 48 unapata ngazi 174,762, na kwa kweli pungufu kidogo, maana `main` na mazingira ya programu nayo yamo humo. Mnyororo wetu wa 100,000 unapita. Ukifika 200,000, programu inaanguka. Ile fremu yenye safu ya herufi inaishia ngazi elfu mbili hivi.

Lakini kabla hujaridhika na kupita kwa 100,000, uliza funksheni itaendeshwa wapi. Megabaiti 8 ni za uzi mkuu, yaani thread inayoendesha `main`, kwenye Linux. Programu ya Windows kwa kawaida hupewa megabaiti 1, na hapo 48 inaingia mara 21,845 tu. Kwenye macOS nyuzi za ziada hupata kilobaiti 512. Na ukiifunga programu yako ndani ya kontena la Alpine, linalotumia maktaba ya musl, kila uzi mpya una kilobaiti 128: ngazi 2,730. Msimbo uliofaulu kwenye kompyuta yako unaweza kuangukia kwenye seva bila herufi moja kubadilika.

Jaribu kuuangusha wewe mwenyewe kwanza. Huhitaji kuingiza namba laki mbili moja moja. Jenga mnyororo moja kwa moja:

```c
struct nodi *mzizi = NULL;
for (int i = 0; i < kina; i++) {
    struct nodi *m = malloc(sizeof *m);
    m->namba = kina - i;
    m->kushoto = NULL;
    m->kulia = mzizi;
    mzizi = m;
}
```

Ongeza `kina` hadi programu ife, kisha linganisha na hesabu yako ya kugawa. Zikipishana sana, kuna kitu hukukiona kwenye fremu. Au fanya kinyume, bana rundo lenyewe kwa `ulimit -s 128` na uone kama programu bado inapumua. Mimi napendelea njia hii ya pili, kwa kuwa inakuonyesha moja kwa moja hali ya ule uzi mdogo wa seva.

Ikianguka, soma maiti kwa makini, kwani mahali ilipofia hapasemi ukweli wote. Rundo kwenye mashine hizi hukua kuelekea anwani za chini, na mwisho wake kuna eneo lisiloruhusiwa kuguswa. Fremu ya kwanza kuligusa ndiyo inayouawa na mfumo endeshi. Inaweza kuwa mwanzo wa `urefu`, mstari usio na kosa lolote, au hata ndani ya `printf` uliyoiweka kufuatilia mambo. Fungua gdb na uandike `bt 5` kuona fremu tano za ndani kabisa, kisha `bt -5` kuona tano za nje. Jina la `urefu` likijirudia, na namba pembeni ya fremu ikiwa laki na zaidi, chanzo umeshakipata. Kisha angalia thamani za `n`. Zikibadilika kila ngazi, kina ni kikubwa mno kuliko rundo. Zikizunguka zilezile, kuna nodi inayoelekeza kwa mzazi wake, mti umeharibika, na hakuna ukubwa wa rundo utakaokuokoa.

Kupandisha `ulimit` kunasaidia siku ya dharura, lakini kunasogeza mpaka tu. Python imeweka mpaka wake mapema, ngazi 1,000, na ukiuvuka unapata `RecursionError` inayosomeka. Watu huupandisha hadi milioni kwa `sys.setrecursionlimit` wakidhani wameongeza nafasi. Hawajaongeza hata baiti moja. Wamezima kengele tu, na kwenye matoleo ya kabla ya 3.11 matokeo yake mara nyingi ni ile `Segmentation fault` tuliyoanza nayo.

Dawa ya mti wetu ni kutumia mti unaojisawazisha. Mti mwekundu-mweusi wenye namba 200,000 hauwezi kuzidi ngazi 36, ziingie kwa mpangilio wowote, na `urefu` inabaki kama ilivyo. Pale ambapo umbo la data huwezi kulitawala, kwa mfano faili la JSON linalotoka kwa mtu usiyemjua, ambaye anaweza kukutumia mabano laki moja yaliyofunguliwa bila kufungwa, pitisha kaunta ya kina kama hoja na ukatae kwa ujumbe wa kosa ikizidi kiwango ulichopanga. Na kama kina kikubwa ni halali na hakikwepeki, andika kitanzi chenye rundo lako mwenyewe kwenye kumbukumbu ya `malloc`. Kielekezi kimoja ni baiti 8. Kwa kupima urefu utahitaji pia kuhifadhi ngazi ya kila nodi, na kikipangiliwa sawa kila kipande kinakuwa baiti 16. Vipande 200,000 ni megabaiti 3.2, na nafasi ikikosekana `malloc` huweza kurudisha `NULL`, jambo unaloweza kuliangalia na kulijibu kabla programu haijafa.