Jinsi ya kubaini kwa ramani ardhi yenye mteremko mkali isiyo na uoto

Udongo huondoka kwa kasi zaidi pale mambo mawili yanapokutana: ardhi imeinama sana, na hakuna kitu juu yake cha kupokea tone la mvua. Mteremko wenye nyasi nzito unaweza kustahimili mvua kubwa, na uwanja tambarare usio na jani hupoteza udongo polepole. Afisa ugani mwenye eneo kubwa na muda mfupi kabla ya mvua anahitaji kujua mahali mambo hayo mawili yanapokutana ili aanzie hapo kuchimba makinga maji au kupanda majani. Kazi hiyo inafanyika kwa rasta mbili, moja ya mteremko na moja ya uoto, zikiunganishwa kwa mstari mmoja wa hesabu ndani ya QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani.

Rasta ni ramani iliyogawanywa katika seli za mraba, na kila seli imebeba namba. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana, Raster Calculator huliuliza kwenye kila seli na kujibu 1 au 0. Mstari wenyewe ni huu:

```
("mteremko@1" > 15) AND ("ndvi@1" < 0.2)
```

Seli inapata 1 pale tu mteremko unapozidi nyuzi 15 na kipimo cha uoto, NDVI, kikawa chini ya 0.2. Kuuandika ni rahisi. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba rasta zote mbili zinasema kweli, kwa sababu programu haitakuonya zikikosea.

Anza na mteremko. Hutokana na ramani ya mwinuko, kama ile ya Copernicus yenye seli za mita 30, kwa zana ya Slope. Ramani hiyo kwa kawaida huja katika latitudo na longitudo, yaani upana wa seli uko kwa nyuzi za dunia huku urefu wa kwenda juu ukiwa kwa mita. Ukiipitisha hivyo hivyo, karibu eneo lote litasoma mteremko unaokaribia nyuzi 90, hata bondeni. Igeuze kwanza kwa zana ya Warp iwe kwenye UTM ya ukanda wako, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kisha ndipo upime mteremko. Angalia pia kama matokeo ni nyuzi au asilimia. Nyuzi 15 ni karibu asilimia 27, kwa hiyo ukiandika 15 kwenye rasta ya asilimia utakamata mashamba mengi yasiyo na hatari unayoitafuta.

Sasa uoto. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zina mkanda wa mwanga mwekundu, B04, na mkanda wa infraredi, B08, vyote kwa seli za mita 10. Majani mabichi hunyonya mwekundu na kurudisha infraredi, na NDVI hupima tofauti hiyo. Hapa pana mtego. Tangu tarehe 25 Januari 2022, picha hizi hutolewa zikiwa zimeongezewa 1000 katika kila namba. Baadhi ya huduma za kupakua huiondoa nyongeza hiyo kabla ya kukupa picha, nyingine huiacha, kwa hiyo soma maelezo ya picha yako. Kama imo, andika hivi:

```
("B08@1" - "B04@1") / ("B08@1" + "B04@1" - 2000)
```

Juu ya mstari wa kugawanya nyongeza hujifuta yenyewe, lakini chini hubaki mara mbili, ndiyo maana tunatoa 2000. Chukua seli moja yenye B08 ya 3600 na B04 ya 2600. Tofauti ni 1000. Bila kutoa chochote unagawanya kwa 6200 na kupata 0.16, na seli inahesabiwa kuwa tupu. Ukitoa 2000 unagawanya kwa 4200 na kupata 0.24, na seli inaachwa. Ardhi ni ile ile, ila jibu limegeuka. Ukiona mashamba unayoyajua kuwa na nyasi yanatokea kwenye orodha, kagua hapa kwanza.

Rasta ya mteremko ina seli za mita 30 na ya uoto za mita 10. Raster Calculator haitakataa kuziunganisha. Itachukua thamani ya seli iliyo karibu na kuendelea. Ni salama zaidi uziweke kwenye gridi moja kwa zana ya Align Rasters kabla ya hesabu, na uchague gridi ya mita 10. Hilo halikuongezei undani wa mwinuko. Mteremko wa seli moja hupimwa kwa kuangalia seli nane zinazoizunguka, yaani eneo la mita 90 kwa 90, hivyo kingo fupi kali ya mita 12 hufifia ndani yake. Kwa eneo lenye vilima vifupi, shusha kikomo hadi nyuzi 12, kisha pima sehemu chache kwa klinomita, kifaa cha kupimia mteremko, uone kama kinafaa.

Kikomo cha 0.2 nacho usikichukue kama sheria. Fungua rasta ya NDVI, chukua Identify Features, ubofye mashamba unayoyajua: yaliyolimwa yakabaki udongo mtupu, na yenye mazao machanga. Weka kikomo katikati ya makundi hayo mawili. Tarehe ya picha ina uzito mkubwa kuliko namba yenyewe. Picha ya katikati ya kiangazi huonyesha karibu kila kitu kuwa tupu. Inayofaa ni ya mwanzo wa mvua, pale matone makubwa yanapoanza na mimea bado ni midogo. Mawingu ni mengi wakati huo, basi ficha seli zake ziwe NoData, yaani zisizo na thamani; seli yenye NoData upande mmoja hubaki NoData kwenye jibu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Napendelea kutumia mstari wa pili badala ya ule wa kwanza:

```
("mteremko@1" > 15) * 10 + ("ndvi@1" < 0.2)
```

Huu unatoa namba nne: 11 ni mkali na tupu, 10 ni mkali wenye uoto, 1 ni tupu pasipo mteremko mkali, 0 hakuna tatizo. Ile 10 ina thamani kubwa, maana ndiyo ardhi itakayohamia 11 siku nyasi zikichomwa au mti ukikatwa.

Kisha ondoa vipande vidogo kwa zana ya Sieve. Seli moja ni mita za mraba 100, hivyo kikomo cha seli 20 kinaacha vipande vya kuanzia hekta 0.2.

Kabla ya kwenda kwa mkulima, tazama aina mbili za alama. Ya kwanza ni ukanda mwembamba unaofuata ukingo wa msitu. Ramani ya Copernicus hupima hadi juu ya miti, kwa hiyo ukingo huo husomeka kama mteremko hata kama ardhi ni tambarare. Ya pili ni shamba lililofunikwa kwa mabua makavu. NDVI huona kijani tu, na mkulima aliyetandaza matandazo vizuri atatokea kwenye orodha sawa na aliyeacha udongo wazi. Huyo usimshauri afunike. Nenda ukahakikishe kwa macho, kisha ubadilishe namba yake kuwa 10.