Kupanga ratiba ya saluni ya viti vitatu: waliobuku, wa papo hapo na zamu za kula

Wiki hii nimekaa na dada mwenye saluni hapa Mwanga, Kigoma, tukaipanga upya Jumamosi yake. Ana viti vitatu, sinki moja, draya mbili na wafanyakazi watatu: msusi wa rasta, fundi wa dawa, na binti anayeosha, kublo na kusuka twende kilioni. Kilichokuwa kinamtesa ni mchana. Ama wote watatu wanashika sahani kwa wakati mmoja huku aliyebuku amekaa kwenye benchi, ama hakuna anayekula mpaka saa 10. Tulivyopanga ni hivi, na wewe badilisha kulingana na saluni yako.

Hatua ya 1: Chora ukurasa wa siku

Tumia kaunta buku na penseli. Programu za simu zipo, lakini mimi sizitaki kwa kazi hii, kwa sababu simu hukaa mfukoni mwa mtu mmoja na mtu huyo akienda kula, ratiba imeondoka naye. Buku linakaa mezani na kila mtu analiona. Chora safu tatu za viti, ya nne ya draya, kisha mistari ya nusu saa kuanzia saa 2:00 asubuhi mpaka saa 12:30 jioni.

Hatua ya 2: Andika muda wa mikono, si muda wa kiti

Mteja wa kuretachi na kuseti rola anakaa saluni kama saa tatu, lakini hahitaji mikono ya fundi muda wote huo. Kwa fundi wa saluni hii, kupaka dawa, kuosha na kusuuza ni saa moja, kufunga rola nusu saa, draya saa moja, kuchana nusu saa. Ile saa ya draya mikono iko huru. Rasta haina mwanya wa namna hiyo: saa nne za kusuka ni saa nne za mikono. Kwa hiyo mteja wa rasta andika mstari mzima bila kukatiza, na wa kuretachi andika vipande viwili, katikati ukiacha wazi na kuweka alama kwenye safu ya draya.

Muda wenyewe upime kwa wafanyakazi wako, usichukue wa kwangu.

Hatua ya 3: Anayebuku muulize kabla ya kuandika

Wa rasta: "Utakuja umeshafumua na kuosha?" Kufumua tu kunaweza kula saa nzima na zaidi, na hiyo saa haimo kwenye zile nne. Akisema atafumulia saluni, mwanzo wake uandike kwa binti wa kiti cha tatu, si kwa msusi.

Wa dawa: "Ulifumua lini, na kichwani kuna kidonda au umejikuna?" Aliyefumua jana mpangie siku nyingine, maana ngozi iliyochubuka inaungua. Afadhali ujue leo kwenye simu kuliko ubaki na saa tatu tupu keshokutwa.

Hatua ya 4: Zamu za kula

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, kwa sababu zamu ya kula ikiandikwa mwisho hupotea. Iandike kwa kalamu ya wino kabla hujampokea yeyote wa kubuku; wateja ndio wa penseli.

Sharti la kwanza halina mjadala: fundi hatoki wakati dawa iko kichwani kwa mteja, hata dakika tano, hata kama chakula kinapoa. Dawa inaoshwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, na mteja akisema inachoma inaoshwa hapohapo. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kupaka hakikisha ndoo mbili za maji zimejaa kando ya sinki. Bomba likikauka dawa ikiwa kichwani, ratiba ndiyo ya mwisho kuifikiria.

Sharti la pili: anakula mmoja kwa wakati, na kati ya wawili waliobaki lazima mmoja aweze kusimama kumpokea anayeingia. Fundi mwenye dawa mikononi hawezi. Msusi wa rasta anaweza, ataacha kwa dakika moja.

Jumamosi yake ikatoka hivi. Msusi ana rasta saa 2:30 mpaka 6:30. Baada yake tumeacha nusu saa tupu, kwa kuwa rasta hupitiliza: nywele nzito, mteja anaongeza pakiti, mtoto analia. Anakula saa 7:00 mpaka 7:30, kisha rasta ya pili saa 7:30 mpaka 11:30. Fundi wa dawa anampokea wa kwanza saa 3:00, na saa 4:30 mteja yuko kwenye draya. Saa 5:30 anamchana, saa 6:00 anakula, saa 6:30 anaanza wa pili. Binti wa kiti cha tatu anakula mapema, saa 5:30 mpaka 6:00, ili awe huru wenzake wanapotoka. Hasa saa 7:00: msusi yuko nje, fundi yuko kwenye dawa, na mlango mzima ni wa binti.

Zamu ya msusi tumeiweka saa 7:00 kwa sababu anaswali. Huku kwetu magharibi jua linafika utosini kama saa 7 mchana, kwa hiyo Adhuhuri yetu inakuja nyuma ya ile ya Dar. Ukichukua ratiba ya saluni ya Dar kama ilivyo, mtu atakula kwanza, kisha aombe ruhusa tena.

Utajuaje kuwa zamu zimekaa vibaya? Angalia benchi saa 6:30 na saa 7:30. Ukimkuta aliyebuku anasubiri nyakati zote mbili, tatizo ni muda wa mikono wa hatua ya 2, umeupunguza kuliko ukweli. Usiikate zamu ya kula kufidia.

Hatua ya 5: Wa papo hapo

Ukiacha kule kufumua kwa hatua ya 3, kiti cha tatu usikibukie Jumamosi, ni chao. Wakizidi, tumia ile saa ya draya, 4:30 mpaka 5:30, lakini kwa kazi inayoisha ndani ya nusu saa tu: kuosha na kublo, au twende kilioni ya mtoto. Kamwe usiingize dawa ya pili humo. Rola za wa kwanza zitakauka na kusubiri huku mikono iko kwenye kichwa kingine.

Ukijaa, usimwambie "subiri kidogo". Mtajie saa: "Njoo saa 6:00." Andika jina lake na namba mbele yake. Aliyebuku akichelewa dakika 15 bila kupiga simu, mpe nafasi wa papo hapo mwenye kazi fupi, aliyechelewa aingie baada yake. Sheria hiyo mwambie siku anayobuku.

Umeme ukikatika mteja akiwa chini ya draya, saa hiyo inarefuka usijue mpaka lini. Hamisha wa papo hapo wote kwenye kusuka, na mpigie wa kuretachi wa pili kabla hajatoka nyumbani.

Hatua ya 6: Jioni

Saa 12 hapa bado kweupe na wateja wanaendelea kuingia. Usiangalie jua, hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kufunga: dawa na rola mwisho saa 9:30, kuosha na kublo mwisho saa 11:30, twende kilioni ya mtoto mwisho saa 12:00. Saa hizo ziandike kwenye karatasi ubandike mlangoni, ili binti asilazimike kubishana na mteja.